Bima ya fedha dukani: Sefu ina kikomo chake, na njia ya benki ina chake

Na Mwandishi Wetu

KATIKA kata ya Nambilanje, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, fedha haziji kwa mwendo mmoja mwaka mzima. Zipo wiki ambazo mwenye duka huuza sukari ya kupima na vocha za simu, akafunga hesabu ya siku kwa noti chache. Kisha huja msimu wa ufuta katikati ya mwaka, na baadaye minada ya korosho ifikapo Oktoba, ambapo mtu yule yule huuza mabati, saruji, magodoro na vipuri vya pikipiki kutwa nzima.

Utaratibu wa stakabadhi ghalani umebadili mahali fedha hizo zinapolala. Mkulima hukabidhi mazao kwa chama chake cha msingi, mazao huuzwa mnadani kupitia chama kikuu cha RUNALI kinachohudumia Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na malipo huingia katika akaunti ya mkulima. Noti hazisafiri tena kwa magunia kutoka kwa mnunuzi hadi kijijini kama ilivyokuwa zamani. Hata hivyo, mkulima akishatoa fedha zake na kuja dukani kununua bati, noti zile huwa za mwenye duka, na ni yeye anayebaki na kazi ya kuzilaza salama usiku na kuzirudisha benki.

Kwa hatari hiyo kampuni za bima huuza mkataba unaoitwa bima ya fedha. Wafanyabiashara wengi walio nao huamini kwamba wakiibiwa watarudishiwa kilichoibwa. Mkataba wenyewe hausemi hivyo. Unauliza kwanza fedha zilikuwa wapi dakika ile zilipoibwa, saa ngapi, na mikononi mwa nani, na kila jibu lina kikomo chake na masharti yake. Makala haya yanaeleza namna vikomo hivyo vinavyofanya kazi na kwa nini hasara kubwa humkuta mwenye duka katika wiki ambayo vikomo vyake havitoshi.

Mkataba mmoja, vyumba vitano

Ukifungua mkataba wa bima ya fedha utakuta ukurasa wenye jedwali. Huo ndio ukurasa wa kusomwa kabla ya mingine yote. Aghalabu jedwali hilo huzigawa fedha katika mafungu matano, na ni rahisi kuyaelewa kama vyumba vitano vya nyumba moja.

Chumba cha kwanza ni fedha zilizo safarini, yaani kati ya duka na benki. Cha pili ni fedha zilizo dukani wakati wa saa za kazi, zikiwamo zile za kwenye droo ya mauzo. Cha tatu ni fedha zilizofungiwa ndani ya sefu baada ya duka kufungwa. Cha nne ni fedha zilizobaki dukani nje ya sefu baada ya saa za kazi. Cha tano ni fedha zilizo nyumbani kwa mwenye duka au kwa mfanyakazi aliyeidhinishwa kuzitunza.

Mbele ya kila chumba huandikwa kiasi. Hicho ndicho kikomo, nacho ni kiwango cha juu kabisa ambacho kampuni italipa kwa tukio moja lililotokea katika chumba hicho. Kikomo cha sefu kwa kawaida huwa kikubwa, na kikomo cha fedha zilizoachwa nje ya sefu usiku huwa kidogo sana, kwa sababu droo ya mbao haimzuii mwizi.

Jambo ambalo wengi hulikosa ni kwamba vyumba hivi havikopeshani. Nafasi iliyobaki katika chumba kimoja haihamishiwi kingine. Mwenye kikomo cha shilingi milioni tatu katika sefu, aliyeacha sefu tupu na kuweka milioni mbili kwenye droo, hawezi kudai kwamba fedha zake zote zilikuwa chini ya milioni tatu. Atalipwa kwa kikomo cha droo.

Ni vyema pia kujua mkataba unaita nini fedha. Noti na sarafu zimo, na mara nyingi hundi na hati nyingine za malipo zimo pia. Floti ya wakala wa huduma za fedha kwa simu ni jambo tofauti. Salio lililo ndani ya laini ya simu si fedha taslimu zilizo dukani, na likihamishwa kwa ulaghai wa namba ya siri, mkataba wa kawaida wa bima ya fedha hautaligusa. Noti zilizo kwenye droo ya wakala huyo huyo ndizo zinazohesabiwa, tena endapo tu alitaja kazi ya uwakala alipojaza fomu ya maombi.

Mfano wa duka moja

Tuchukue mfano wa kubuni wa duka la bidhaa mchanganyiko na vifaa vya ujenzi lililopo Nambilanje. Katika miezi ya kawaida mwenye duka hukusanya shilingi 400,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kwa wiki ni shilingi 2,400,000, naye hupeleka fedha hizo benki mjini Ruangwa kila Jumatatu asubuhi. Akizingatia hali hiyo, alipokata bima aliomba kikomo cha shilingi 3,000,000 katika sefu na 3,000,000 safarini. Nje ya sefu usiku aliandikiwa 200,000, na nyumbani 500,000. Mkataba unamtaka abebe mwenyewe asilimia 10 ya kila hasara.

Kwa wiki arobaini za mwaka mpango huo unatosha, hata unabakiza nafasi. Katika wiki kumi na mbili za msimu mambo hubadilika. Mauzo hupanda hadi shilingi 1,500,000 kwa siku, na kwa wiki yanakuwa shilingi 9,000,000. Mwenye duka ana shughuli nyingi zaidi, hana wa kumwachia duka, kwa hiyo ratiba yake ya Jumatatu inabaki ile ile.

Sasa wezi wanatoboa ukuta usiku wa kuamkia Jumapili. Mauzo ya wiki nzima hayajapelekwa benki. Ndani ya sefu mna shilingi 7,200,000. Katika droo ameacha shilingi 1,300,000 za kuhudumia wateja wa huduma za fedha kwa simu asubuhi. Shilingi 500,000 alizichukua nyumbani. Wezi wanavunja sefu kwa mitaimbo na kuondoka na vyote vilivyokuwa dukani, yaani shilingi 8,500,000.

Hesabu ya fidia inakwenda hivi. Kwa sefu, hasara ni shilingi 7,200,000 lakini kikomo ni 3,000,000, basi inachukuliwa 3,000,000. Kwa droo, hasara ni 1,300,000 lakini kikomo ni 200,000, basi inachukuliwa 200,000. Jumla ni 3,200,000. Inatolewa asilimia 10 anayobeba mwenyewe, ambayo ni 320,000. Kinacholipwa ni shilingi 2,880,000.

Mwenye duka huyu alikuwa na bima hai, alilipa ada yake, hakudanganya na hakukiuka sharti lolote. Hata hivyo, kati ya shilingi 8,500,000 zilizoibwa amebaki na pengo la shilingi 5,620,000. Pengo hilo limetokana na kikomo kilichopimwa kwa wiki ya kawaida, wakati wezi walikuja wiki ya msimu. Nao wezi kwa kawaida huujua msimu kama wanavyoujua wenyeji.

Aidha, mikataba mingi hulipia ukarabati wa sefu iliyoharibiwa na wezi kwa kikomo cha pekee, lakini fungu hilo lazima liwe limeandikwa katika jedwali. Lisipoandikwa, sefu mpya ni gharama ya mwenye duka.

Njia mbili za kuziba pengo

Njia ya kwanza ni kupandisha kikomo kwa miezi ya msimu. Kampuni nyingi hukubali kuandika kikomo cha kawaida na kikomo cha msimu chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, mradi ombi lifike kwa maandishi kabla ya msimu. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kiwango cha ada ya fungu la sefu ni asilimia moja ya kikomo kwa mwaka. Kupandisha kikomo kutoka milioni tatu hadi milioni tisa kungeongeza ada kwa shilingi 60,000 kabla ya kodi, hata kama ingetozwa kwa mwaka mzima. Kiwango halisi hutegemea kampuni, aina ya sefu, ukuta wa duka na kama kuna mlinzi. Pia kampuni inaweza kukataa kuandika kiasi kikubwa kwa sefu dhaifu, au kudai kwanza ifungwe kwa boliti kwenye sakafu ya zege, kwa kuwa sefu nyepesi hubebwa nzima nzima na kufunguliwa porini.

Njia ya pili haigusi mkataba. Ni kubadili ratiba ya benki. Kwa mauzo ya shilingi 1,500,000 kwa siku, mauzo ya siku mbili ni shilingi 3,000,000, kiasi kinacholingana kabisa na kikomo cha sefu na kile cha safari. Mwenye duka akipeleka fedha kila baada ya siku mbili za mauzo, hatavuka kikomo hata wiki ya msimu. Gharama yake ni nauli na muda wa safari tatu kwa wiki badala ya moja.

Zipo sehemu ambako wakala wa benki aliye karibu hupunguza safari hizo. Noti zikipokewa na wakala na salio likaonekana kwenye akaunti, fedha zimeshaingia benki na mzigo wa kuzilinda zile noti umehamia kwa wakala. Kikwazo ni kwamba wakala naye ana floti yenye ukomo, na katika wiki za msimu inaweza kuisha kabla ya zamu yako kufika. Kumwachia noti kwa ahadi ya kuziingiza kesho si kuweka benki. Usiku huo fedha zako zinalala katika chumba ambacho hakimo kwenye jedwali lako.

Safari inaanzia wapi na inaishia wapi

Katika mkataba, safari huanza pale fedha zinapotoka dukani mikononi mwa mtu aliyeidhinishwa, na huisha zinapopokewa na benki. Katikati ya nukta hizo mbili kuna masharti matatu ambayo huamua madai mengi.

La kwanza ni nani anayebeba. Mkataba hutaja mwenye duka, mbia wake au mfanyakazi aliyeidhinishwa, na mara nyingi huweka umri. Dereva wa bodaboda aliyepewa bahasha apeleke peke yake si mmoja wao, hata kama mmefahamiana miaka kumi. Binamu aliyekuja kusaidia wakati wa msimu naye hamo, mpaka jina lake liwe katika orodha ya wafanyakazi au liwe limepelekwa kwa kampuni.

La pili ni idadi ya wabebaji kulingana na kiasi. Mkataba unaweza kusema kwamba hadi kiasi fulani mtu mmoja anatosha, kikizidi hapo wawe wawili, na kikizidi zaidi kuwe na gari na walinzi wenye silaha. Viwango hivi hutofautiana kati ya mkataba na mkataba, kwa hiyo havikaririwi bali husomwa. Hatari yake ni tofauti na ile ya kikomo. Mwenye kuvuka kikomo hulipwa hadi kikomo. Mwenye kuvunja sharti la wabebaji anaweza asilipwe kitu, kwa sababu kampuni ilikubali kubeba hatari ya safari ya watu wawili na wala si ya mmoja.

Si kwamba wasindikizaji huondoa hatari. Mwezi Aprili 2006 majambazi wenye silaha walishambulia msafara uliokuwa umebeba fedha za benki ya NMB katika makutano ya Ubungo jijini Dar es Salaam, mchana na barabarani penye watu, wakaua na kupora mamilioni ya shilingi. Kampuni za bima zinalijua hilo. Zinachodai ni kwamba kiwango cha ulinzi walichokubaliana kiwepo, ili bei ya ada ilingane na hatari.

La tatu ni kutoziacha fedha bila mtu. Karibu kila mkataba unasema kwamba fedha zilizoachwa ndani ya gari lisilo na mtu hazifidiwi. Neno hilo mahakama zimelitafsiri kwa ukali. Katika shauri la Uingereza la mwaka 1962, kampuni ya Starfire Diamond Rings ilidai fidia ya vito vilivyoibwa ndani ya gari. Aliyekuwa na gari alilifunga kwa ufunguo, akaenda kujisaidia umbali wa yadi 37, ambazo ni kama mita 34. Mahakama ya Rufani ilisema gari lile lilikuwa limeachwa bila mtu, kwa kuwa kutoka alipokuwa hakuwa na nafasi ya kweli ya kuuzuia wizi. Kampuni ya bima ikashinda. Shauri hilo lilihusu vito, lakini maneno ya mkataba ni yale yale, na hukumu za Uingereza hutumika kama mwongozo katika mahakama za Tanzania.

Kwa msafiri wa Nambilanje maana yake ni nyepesi kuielewa. Ukisimama njiani kunywa chai, mkoba unashuka nawe. Gari likikwama kwenye tope wakati wa masika, mmoja anaomba msaada na mwingine anabaki na mkoba. Ukifika mjini ukakuta benki imefungwa, usilaze fedha nyumba ya wageni ukidhani bado uko safarini. Mikataba mingi huihesabu safari kuwa ile inayokwenda moja kwa moja, na fedha zilizolazwa chumbani kwa hiari yako huenda zisiwe katika fungu lolote. Rudi nazo kwenye sefu mchana ungalipo, au ondoka mapema siku inayofuata kwa saa zinazokuhakikishia kuikuta benki iko wazi.

Ufunguo wa sefu

Sharti linalozua malalamiko mengi kuliko yote ni la ufunguo. Mkataba husema kwamba baada ya saa za kazi ufunguo wa sefu uondolewe dukani, na kama sefu ina namba za siri zisiandikwe popote ndani ya jengo. Sefu ikifunguliwa kwa ufunguo ulioachwa humo humo, fidia haipo, hata kama ufunguo ulikuwa umefichwa chini ya mzani au ndani ya kopo la misumari.

Sababu yake si ukaidi. Kikomo cha sefu ni kikubwa kwa sababu kuivunja kunachukua muda na kunapiga kelele. Ufunguo ukiwa droo ya jirani, sefu imekuwa droo nyingine tu, na mwenye duka amelipia ada ya ulinzi ambao haupo.

Mkaguzi wa kampuni hutambua hali hiyo kwa kuitazama sefu. Iliyovunjwa huwa na mlango uliopindika, bawaba zilizokatwa, alama za mitaimbo au za moto. Iliyofunguliwa kwa ufunguo huwa safi. Akikuta sefu safi na tupu, swali la kwanza litakuwa ufunguo ulilala wapi, na la pili zipo funguo ngapi na nani ana ya akiba. Mikataba mingi hubakiza mlango mmoja wazi: kama wezi walimvamia mwenye ufunguo na kuuchukua kwa nguvu au kwa vitisho, fidia hulipwa. Kwa sababu hiyo, aliyevamiwa nyumbani akanyang'anywa ufunguo aeleze jambo hilo katika maelezo yake ya kwanza polisi, asingoje kuulizwa na kampuni.

Hasara ambazo mkataba huu hauzitambui

Fedha zikipungua bila dalili ya wizi, mkataba huu haulipi. Kosa la kuhesabu, chenji iliyozidishwa na noti bandia zilizopokewa msimu wa pilikapilika vyote hubaki kwa mwenye duka.

Wizi wa mfanyakazi umewekewa masharti ya pekee. Baadhi ya mikataba huutenga kabisa. Mingine huulipia iwapo umegunduliwa ndani ya siku chache zilizotajwa, mathalani tatu au saba tangu utendeke. Mwenye duka anayefunga hesabu mara moja kwa mwezi hatagundua ndani ya muda huo. Kwa wizi wa polepole, wa elfu ishirini leo na elfu thelathini kesho, kuna bima nyingine ya uaminifu wa wafanyakazi, na hukatwa kando.

Jumla ya mwaka uliyoitaja

Ada ya fungu la safari kwa kawaida haikokotolewi kwa kikomo peke yake. Kampuni huuliza jumla ya fedha zote zitakazobebwa kwa mwaka mzima. Mwenye duka wetu alizidisha shilingi 2,400,000 kwa wiki 52, akaandika takriban shilingi 125,000,000. Alisahau msimu. Wiki arobaini za shilingi 2,400,000 ni 96,000,000, na wiki kumi na mbili za shilingi 9,000,000 ni 108,000,000. Jumla halisi ni 204,000,000.

Mwisho wa mwaka kampuni humtaka atoe taarifa ya kiasi halisi kilichobebwa, na ada hurekebishwa. Akizidi makadirio huongeza, na akipungua hurudishiwa sehemu au hupunguziwa. Kutoa taarifa hiyo ni sharti, si hisani. Isitoshe, ipo mikataba inayopunguza fidia kwa uwiano pale makadirio yanapokuwa chini ya ukweli. Chini ya kifungu cha namna hiyo, hasara ya safarini ya shilingi 3,000,000 ingezidishwa kwa 125 na kugawanywa kwa 204, na kubaki kama shilingi 1,838,000, kabla hata ya kutoa ile asilimia 10. Kwa hiyo uliza mapema kama kifungu hicho kimo katika mkataba wako.

Saa za kwanza baada ya wizi

Anayedai fidia ndiye anayetakiwa kuthibitisha kiasi alichopoteza. Kampuni haitakubali tamko la mdomo kwamba sefu ilikuwa na milioni saba. Itataka daftari la fedha la kila siku, taarifa za mauzo kutoka mashine ya risiti za kielektroniki kwa anayeitumia, stakabadhi za benki za wiki zilizopita, na hati za manunuzi zinazoonyesha kwamba bidhaa za kiasi hicho zilikuwapo na zimeuzwa.

Daftari hilo lisikae ndani ya sefu. Mikataba mingi inataja hivyo waziwazi: kumbukumbu ya fedha zilizomo itunzwe mahali pengine. Wezi wakibeba sefu nzima na daftari lake, ushahidi umekwenda pamoja na fedha. Dakika tano za kila jioni zinatosha kuandika tarehe, mauzo ya siku, kilichowekwa katika sefu, kilichoachwa droo na kilichochukuliwa nyumbani. Ukurasa huo, ukipigwa picha kwa simu kila siku, ni vigumu kuupinga, kwa sababu unaonyesha mazoea ya miezi na haukuandikwa kwa ajili ya madai.

Ukigundua wizi, usipange upya vitu wala usifagie. Toa taarifa polisi mara moja na uchukue namba ya RB, kisha ijulishe kampuni au wakala wake siku hiyo hiyo kwa simu na kwa maandishi. Mkataba huweka muda wa kutoa taarifa, na madai yaliyochelewa huanza yakiwa na walakini. Kiasi utakachokitaja polisi kilingane na daftari. Mtu aliyetaja milioni tano siku ya kwanza na milioni nane wiki ya pili hujikuta akieleza tofauti hiyo kwa muda mrefu kuliko anavyoeleza wizi wenyewe.

Asiyeridhika na jibu la kampuni anaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, au kupeleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla ya kufikiria mahakama. Huko ataulizwa mkataba kamili wenye jedwali lake. Risiti ya ada peke yake haitoshi, kwa hiyo mkataba uombwe na usomwe siku bima inapoanza.

Wakala wa bima akikaa nawe kuujaza, mtajie mauzo ya wiki yako kubwa kabla ya yale ya wiki ya kawaida. Muulize kikomo cha sefu, kikomo cha safari, kiasi kinachohitaji mtu wa pili, majina ya wabebaji na kiasi utakachobeba mwenyewe katika kila hasara. Majibu ya maswali hayo matano yaandike nyuma ya daftari la fedha, ili jioni unapohesabu noti uone papo hapo kama za leo bado zimo ndani ya kikomo, au kesho ni siku ya kwenda Ruangwa.